Korosho Zikishuka Bei: Bajeti Moja, Hali Tatu

Bajeti ya halmashauri ya wilaya kule Mtwara au Lindi hupitishwa na Baraza la Madiwani miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati mkorosho utakaoilipia haujatoa ua hata moja. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mikorosho inachanua kati ya Juni na Septemba, korosho zinaokotwa kuanzia Septemba au Oktoba, minada inafunguliwa Oktoba, na ushuru unaingia benki kuelekea mwisho wa mwaka. Anayeandika mwezi Februari kwamba ushuru wa korosho utakuwa shilingi bilioni 1.8 anataja fedha zinazotegemea salfa ambayo haijafika kijijini, mvua ambayo haijulikani itanyesha lini, na mnunuzi wa Vietnam au India ambaye bado hajaifikiria Tandahimba wala Newala.

Hata hivyo tarakimu ni lazima iandikwe, kwa sababu bajeti haina safu ya "tutaona". Kinachofuata kila diwani anakijua. Karatasi inaletwa kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, yenye chanzo cha mapato upande wa kushoto na kiasi kimoja upande wa kulia. Wajumbe wanaikagua, wanauliza kwa nini mafuta ya magari yamepanda, wanabishana kuhusu posho, kisha wanapitisha. Ile tarakimu kubwa kuliko zote, ya korosho, inapita bila swali kwa sababu hakuna aliye na cha kuipingia. Ni kiasi kimoja tu, na kiasi kimoja hakimwambii mjumbe kiko karibu au mbali kiasi gani na ukweli.

Njia ya kuipa kamati kitu cha kujadili ni kuleta bajeti hiyohiyo katika hali tatu: hali bora, hali tarajiwa na hali mbaya. Kwa maneno haionekani kazi kubwa, na ndiyo maana hufanywa vibaya. Mtindo ulioenea ni mhasibu kuchukua makadirio aliyokwisha kuyaandika, kuongeza asilimia 10 akapata hali bora, kupunguza asilimia 10 akapata hali mbaya, na kuchapisha jedwali zuri lenye rangi. Jedwali hilo halisemi lolote. Hakuna msimu wa korosho uliowahi kushuka asilimia 10 kwenye kila chanzo kwa pamoja, kwa adabu, kama askari waliopewa amri. Hali mbaya ya kweli ina sababu, na sababu hiyo hugonga baadhi ya vyanzo kwa nguvu, vingine kidogo, na vingine haivifikii kabisa.

Tuanze na ushuru wenyewe. Ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 ya bei ya shambani. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, mzigo unakusanywa ghala kuu, unapigwa mnada, na fedha zinarudi zikiwa na makato yaliyopangwa katika kile wanachokiita mjengeko wa bei. Ushuru wa halmashauri ni mojawapo ya mistari ya mjengeko huo. Kwa hiyo kiasi kinachoingia hazina kinaamuliwa na mambo mawili yanayozidishwa: tani ngapi zimeuzwa na kila kilo imeuzwa bei gani. Neno la kushika hapo ni "yanayozidishwa", na tutalirudia.

Tani na bei havitoki mahali pamoja. Tani zinatokana na shamba. Ugonjwa wa ubwiriunga ukishambulia maua na salfa ikichelewa kupulizwa, maua yanakauka na korosho hazishiki. Mvua ikinyesha wakati wa kuokota, korosho zinalowa, zinabadilika rangi, na mzigo unashushwa daraja, jambo linalouma kwenye bei pia. Bei kwa upande wake inatokana na soko la dunia. Sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa nje zikiwa ghafi, wanunuzi wakubwa wakiwa viwanda vya India na Vietnam, na viwanda hivyo vinanunua pia Afrika Magharibi. Wakiwa na akiba ghalani kwao, hawana haraka ya kupandisha bei kwetu hata kama mavuno yetu ni madogo. Wengi hudhani kwamba tani zikipungua bei itapanda na kufidia. Kwa nchi ambayo si yenyewe inayopanga bei ya dunia, fidia hiyo haina uhakika, na mhasibu asiihesabu.

Sasa tuchukue halmashauri ya mfano, isiyo na jina, tuizungushie hesabu. Ofisa anayejua kazi yake haanzi kwa kubuni asilimia. Anachukua misimu kumi iliyopita ya wilaya yake, tani kwa tani na wastani wa bei ya mnada kwa kila msimu, anaipanga kuanzia msimu mdogo hadi mkubwa, na kuitazama. Hali tarajiwa inatoka katikati ya orodha. Hali bora ni kiwango ambacho msimu mmoja au miwili tu kati ya kumi imekifikia. Hali mbaya ni ule msimu ambao watu bado wanausimulia. Hakuna uganga hapa. Kuna daftari na uaminifu wa kutofuta mwaka unaoaibisha.

Tuseme orodha imempa haya. Hali tarajiwa ni tani 20,000 kwa wastani wa shilingi 3,000 kwa kilo. Mauzo ni shilingi bilioni 60, na asilimia 3 yake ni bilioni 1.8. Hali bora ni tani 24,000 kwa shilingi 3,500: mauzo bilioni 84, ushuru bilioni 2.52. Hali mbaya ni tani 14,000 kwa shilingi 2,200: mauzo bilioni 30.8, ushuru shilingi milioni 924.

Hapo ndipo lile neno la kuzidisha linapofanya kazi. Katika hali mbaya tani zimeshuka kwa asilimia 30, bei kwa asilimia 27 hivi. Mtu akisikia hivyo haraka haraka atadhani ushuru umepungua kwa kama theluthi. Umepungua kwa karibu nusu, maana tani chache zimeuzwa kwa bei ndogo, na kila pigo limeongeza uzito wa jingine.

Baada ya korosho kuna vyanzo vingine: leseni za biashara, kodi za vibanda, ada za soko na stendi, minada ya mifugo, ushuru wa ufuta na mbaazi. Mfano wetu unavipa jumla ya shilingi bilioni 1.4 katika hali tarajiwa. Je, katika hali mbaya vibaki palepale? Makosa mengi yamejificha katika swali hili. Mwaka ambao korosho zimelipa vibaya, mwenye kibanda anakosa wateja, bodaboda mpya hazinunuliwi, mabati hayauziki, na mfanyabiashara anayetakiwa kulipia leseni anamwomba mtendaji wa kata amvumilie hadi mwezi ujao. Vyanzo hivi vinaonekana vingi na vinajitegemea kwenye karatasi, lakini fedha inayozunguka ndani yake ilitoka kwenye korosho. Kwa hiyo hali mbaya inavishusha hadi bilioni 1.1, na hali bora inavipandisha kidogo tu hadi bilioni 1.5, kwa sababu idadi ya vibanda na leseni haiongezeki kwa kasi ya bei ya korosho.

Hata mazao mengine si kinga ya kutosha. Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya mbaazi kusini mwa Tanzania ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Shamba halikuugua, mvua haikukosea. Uamuzi ulifanyika Delhi, na wilaya iliyoandika mbaazi kama chanzo cha kufidia korosho ikaachwa na magunia.

Jumla yetu basi ni hii: hali bora bilioni 4.02, hali tarajiwa bilioni 3.2, hali mbaya bilioni 2.02. Angalia umbali. Kutoka hali tarajiwa kupanda hadi hali bora ni milioni 820. Kushuka hadi hali mbaya ni karibu bilioni 1.2. Neema na hasara hazilingani urefu, na kamati iliyozoea ile "asilimia 10 juu, asilimia 10 chini" isingeliona hilo kamwe. Kwa mtindo ule, hali mbaya ingekuwa bilioni 2.88, yaani mwaka wa kawaida wenye kikohozi kidogo.

Lakini kamati ya fedha haikai kujadili mapato tu. Swali lake halisi ni: nani ataumia? Na hapa karatasi nyingi za hali tatu zinaishia njiani, zinaonyesha mapato yakipanda na kushuka huku matumizi yakiwa yameachwa yalivyo.

Matumizi ya halmashauri kutoka mapato ya ndani yana tabia tofauti. Yapo yasiyosogea: umeme, ulinzi, mishahara ya watumishi wa mkataba wasiolipwa na Serikali Kuu, posho za vikao vya madiwani, mafuta na matengenezo ya magari. Tuyape bilioni 1.5. Yapo yanayofuata mapato kwa hesabu, kama asilimia 10 inayotengwa kisheria kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Na yapo yanayobaki baada ya hayo yote, nayo ndiyo miradi ya maendeleo: madarasa, matundu ya vyoo, zahanati inayosubiri kuezekwa.

Katika hali tarajiwa ya bilioni 3.2, tukitoa bilioni 1.5 ya matumizi ya kawaida na milioni 320 za mikopo, miradi inabakiwa na bilioni 1.38. Katika hali mbaya ya bilioni 2.02, tunatoa bilioni 1.5 ileile, tunatoa milioni 202 za mikopo, na miradi inabakiwa na milioni 322 hivi. Mapato yameshuka kwa asilimia 37. Miradi imeshuka kwa asilimia 77. Diwani aliyewaahidi wananchi wake bwalo la shule anastahili kuiona tarakimu hii ya pili kabla hajapitisha bajeti, kwa sababu ile ya kwanza haimhusu sana. Bwalo lake limo ndani ya ile ya pili.

Kuna jambo jingine linalojitokeza hapohapo. Miongozo ya bajeti huitaka halmashauri ipeleke kiwango maalumu cha mapato yake ya ndani kwenye maendeleo. Tukichukua asilimia 40 kwa ajili ya mfano wetu, bila kuhesabu mikopo ya vikundi, basi hali mbaya inaidai miradi milioni 810, wakati zilizobaki ni 322. Pengo la milioni 488 haliwezi kuzibwa ila kwa kukata matumizi ya kawaida, karibu theluthi moja yake. Umeme haukatiki kwa theluthi. Mlinzi halindi theluthi mbili za usiku. Kwa hiyo wanaobaki ni mafuta, safari, semina na posho, na hapo mjadala wa kamati unakuwa na sauti. Ndiyo sababu, nadhani, wataalamu wengine hawapendi kuileta hali mbaya mezani: inawagusa wote waliomo chumbani.

Mweka hazina anayetaka kazi ifanyike anaandika makato hayo mapema, kwa mpangilio, kila moja na kiasi chake. Si "kubana matumizi", maneno ambayo hayajawahi kuokoa hata lita moja ya dizeli. Anaandika kwamba ununuzi wa gari la ukaguzi unaahirishwa hadi mwaka ujao, milioni kadhaa. Safari za mafunzo zinafutwa, milioni kadhaa. Ukarabati wa ukumbi unasimama. Wajumbe wanaweza kubadilisha mpangilio, na ni haki yao. Wasichoweza ni kupitisha hali mbaya isiyo na orodha, kwa sababu hapo wamepitisha huzuni tu.

Sasa tutoke kwenye jumla ya mwaka tuingie kwenye miezi, maana bajeti inaweza kuwa sawa Juni na kuwa imekufa Novemba. Katika halmashauri yetu ya mfano, matumizi ya kawaida ya bilioni 1.5 ni kama milioni 125 kwa mwezi. Vyanzo visivyo vya korosho vinaleta kama milioni 117. Maana yake ni kwamba kuanzia Julai hadi ushuru wa korosho uingie, halmashauri inakula zaidi kidogo ya inachopata, na haina hata senti ya mradi. Ushuru ukija Desemba kama kawaida, hakuna anayegundua. Ukija Machi, upungufu wa miezi tisa ni kama milioni 75, nao unaweza kuvumilika. Kisichovumilika ni ankara ya mkandarasi aliyesaini Agosti, akajenga hadi lenta, na Novemba analeta hati ya malipo ya milioni 400. Mapato ya mwaka mzima yanaweza kuja kutimia kwa asilimia 100, na bado mkandarasi huyo akawa ameondoa mafundi, riba ya ucheleweshaji imeanza kuhesabiwa, na darasa limenyeshewa.

Hali ya namna hii haimo katika zile tatu. Fedha hazijapungua, zimechelewa. Ndiyo maana kwa wilaya za korosho ninaamini karatasi inahitaji mstari wa nne, mfupi tu, wenye swali moja: hali tarajiwa ikitimia yote lakini ikachelewa miezi mitatu, tunamlipa nani kwanza?

Anayedhani swali hilo ni la kufikirika aukumbuke msimu wa 2018/19. Msimu uliotangulia ulikuwa wa furaha: zaidi ya tani 313,000 nchi nzima, na bei minadani kufika karibu shilingi 4,000. Bajeti ziliandikwa watu wakiwa na tabasamu hilo. Minada ya Oktoba 2018 ilipofunguliwa, wanunuzi walitoa bei chini ya shilingi 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapelekwa kusomba mzigo. Kisha ukafuata uhakiki wa mashamba, kwa lengo la kuwanasa wanunuzi wa kangomba waliokuwa wamenunua kwa wakulima kwa bei ya kutupa, na malipo ya wakulima yakaendelea kusubiriwa hadi ndani ya mwaka 2019. Mavuno yenyewe yaliishia kama tani 225,000.

Hakuna mweka hazina angeweza kuandika hayo mwezi Februari 2018, wala hali tatu hazikuumbwa kutabiri amri ya Rais. Lakini angeweza kuandika vitu viwili vilivyomo ndani yake: bei kushuka chini ya 3,000, jambo ambalo daftari la miaka kumi lilikuwa nalo, na malipo kuchelewa. Ukiwa na majibu ya hayo mawili, chanzo cha kuchelewa, kiwe jeshi, benki au mfumo wa mnada, hakibadilishi sana unachotakiwa kufanya wiki hiyo.

Tukubali pia kwamba hali tatu zina adui wa ndani. Mkurugenzi hupimwa kwa asilimia ya lengo la makusanyo. Mwenye kutaka kung'ara mwishoni mwa mwaka anaweza kuipeleka kamati makadirio madogo kama "hali tarajiwa", kisha akakusanya asilimia 120 na kupigiwa makofi. Anayetaka miradi mingi ionekane kwenye vitabu anafanya kinyume: anaiita hali bora kuwa ni tarajiwa. Mjumbe hahitaji shahada ya uhasibu kuligundua hilo. Aombe ile orodha ya misimu kumi na aweke kidole kwenye tani na bei zilizotumika. Kama hali tarajiwa iko juu ya misimu minane kati ya kumi, hiyo si tarajiwa, ni ya kutamaniwa. Kama hali mbaya iko juu ya msimu mbaya kuliko yote ulioandikwa, kuna mtu amesahau kwa makusudi.

Kinachoifanya karatasi hii iwe na meno ni tarehe. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, na msimu wa korosho hutoa taarifa zake kwa mwezi vilevile. Juni inajulikana kama salfa imefika au la. Agosti ofisa kilimo anaweza kusema maua yako vipi. Mwisho wa Oktoba minada ya kwanza imeshatoa bei. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema hivi, kwa maneno yasiyopinda: wastani wa minada mitatu ya kwanza ukiwa chini ya shilingi 2,600, kikao cha Novemba kinahamia hali mbaya, na makato namba moja hadi namba nne yanaanza bila mjadala mpya. Ukiwa kati ya 2,600 na 3,300, tunaendelea na hali tarajiwa. Hiyo 2,600 haikuokotwa. Ni katikati ya bei ya hali mbaya na bei ya hali tarajiwa. Na mradi mkubwa unasainiwa kwa awamu: msingi na kuta kwa fedha zinazotosha hata hali mbaya, kuezeka baada ya minada hiyo kujulikana.

Utasikia kikaoni mheshimiwa akisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mbona tunajitabiria mabaya?" Jibu zuri nililowahi kulisikia kutoka kwa ofisa mipango mmoja lilikuwa fupi: "Mheshimiwa diwani, hatujitabirii. Tunakubaliana leo tukiwa hatujagombana." Ni kweli. Novemba, fedha zikiwa zimepungua, kila kata inatetea mradi wake na hoja zinageuka majina ya watu. Februari hakuna anayejua ni mradi wa nani utakaoahirishwa na bei ya 2,400, kwa hiyo mpangilio unaweza kufuata manufaa.

Hali bora nayo isiachwe kama pambo. Msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa, bei za minada ya mwanzo zilivuka shilingi 4,000, na mavuno ya nchi yakapita tani 500,000. Mwaka wa namna hiyo una hatari yake ya pekee: mwaka unaofuata, tarakimu ya neema inakuwa msingi wa bajeti mpya, watumishi wa mkataba wanaongezwa, na gharama isiyosogea inapanda kutoka bilioni 1.5 kwenda bilioni 2 bila mtu kuona. Korosho zinaporudi kwenye kawaida yake, gharama hairudi. Kwa mfano wetu, hali mbaya ikikutana na bilioni 2 za matumizi ya kawaida, hata mikopo ya vikundi haipatikani, sembuse miradi. Ziada ya hali bora inafaa kupangiwa kazi kabla haijafika, na kazi hizo ziwe za kufanywa mara moja zikaisha: kulipa madeni ya wazabuni yaliyolala, kumalizia maboma, kuweka akiba ya miezi ile mikavu ya Julai hadi Oktoba. Kuajiri si mojawapo.

Karatasi yote hii haihitaji kuzidi kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una hali tatu, kila moja na tani, bei, jumla, na kiasi kinachobaki kwa miradi, pamoja na ule mstari wa kuchelewa. Wa pili una orodha ya makato, orodha ya matumizi ya ziada, na bei na tarehe zitakazoamua. Yakizidi hapo, wajumbe hawatasoma, nao hawatakuwa na kosa.

Kwa diwani utakayepelekewa makadirio ya mwaka ujao: usikubali tarakimu ya korosho iliyosimama peke yake. Dai tani na bei zilizoizaa, dai msimu mbaya kuliko yote katika wilaya yako uwemo, na muhtasari wa kikao uandike bei na tarehe ambapo makato yataanza. Ukiandika "ikibidi", hakuna atakayebanwa.